Mapele ngozi: kwa wadogo zangu mnaoingia kazini na mvua hizi

Wiki hii nimetumiwa picha ya ng'ombe aliyejaa vinundu kuanzia shingoni hadi kwenye kiwele, na chini yake swali moja tu: "Kaka, ivamektini ml ngapi?" Mdogo wangu, nakupenda, lakini weka hiyo chupa chini: hayo ni mapele ngozi, ugonjwa wa virusi, na ivamektini ni ya minyoo na wadudu. Kila msimu mvua zikichanganya naona makosa yaleyale kutoka kwa vijana waliotoka chuoni juzi, na yananiuma kwa sababu mengine ni yangu, nilishayafanya kabla yenu. Haya hapa.

1. Usisubiri mapele ndipo uanze kufikiria mapele ngozi. Homa hutangulia, na mara nyingi hupanda kati ya nyuzi 40 na 41 na ushee. Machozi yanachuruzika, kamasi zinatoka, maziwa yanashuka ghafla, na tezi zilizo mbele ya bega zinavimba hadi unazishika kwa mkono mzima. Hapo ndipo wengi wenu mnaandika "ndigana kali" na kutoa Butalex. Sikulaumu sana, tezi zinadanganya. Pita basi na kiganja shingoni na ubavuni ukipapasa kinyume cha malazi ya nywele, asubuhi jua likiwa bado chini. Kabla jicho halijaona pele, utaona vishungi vya nywele vimesimama, na chini yake kuna kitu kigumu cha mviringo. Kibane. Kinundu cha mapele ngozi kimeshika unene wote wa ngozi, kwa hiyo ukiivuta ngozi kinakuja nayo. Kikikomaa kinafika sentimita 2 hadi 5, na baadaye katikati hufa na kuwa kigaga kilichozama kama kizibo, kikitoka kinaacha shimo. Uvimbe wa mzio au wa kuumwa na wadudu huwa laini zaidi na kwa kawaida hunywea ndani ya siku moja au mbili. Msijione wajinga mkichanganya: ugonjwa huu ulipoonekana mara ya kwanza mwaka 1929, katika nchi ambayo leo ni Zambia, nao walidhani ni sumu ya majani au kuumwa na wadudu.

Ukikuta, mjulishe daktari wa mifugo wa wilaya, chukua vipande vya vigaga vipelekwe maabara ya TVLA, na hao ng'ombe wasitoke kwenda mnadani. Basi.

2. Sindano. Hapa kaeni, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Nilikuwa bado mgeni kazini, kijiji kimoja huko Dodoma. Chanjo ilichelewa kufika, mvua zikawa zimeshaanza, na habari za mapele zilikuwa zimesikika kijiji cha jirani. Nikafika kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wapatao sitini, nina haraka, nikiwa na boma jingine linalonisubiri mchana. Kwenye kibano wakaingia maksai na madume kwanza, kisha mitamba, mwishoni majike wakubwa. Katikati ya foleni alikuwepo mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Macho yanachuruzika, ute mdomoni, amejitenga na wenzake. Mzee akaniambia, "Mwanangu, huyu jana hakula." Nikamjibu ni vumbi. Kipimajoto nilikuwa nacho mfukoni, sikukitoa. Nikamdunga chanjo, nikaendelea na aliyefuata kwa sindano ileile. Nilikuwa nabadilisha sindano pale tu inapogoma kuingia.

Siku chache baadaye mtamba akachipuka mapele mwili mzima. Mzee akapiga simu, nami nikasema kwa sauti ya kitaalamu kabisa kwamba alikuwa ameshaambukizwa kabla ya chanjo. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo jibu nililojificha nyuma yake. Kuelekea wiki ya pili simu ikaita tena: ng'ombe kadhaa wana uvimbe mgumu shingoni, pale pale nilipodunga. Nikasema, "Hiyo ni chanjo inafanya kazi, mzee." Ni kweli chanjo hii huweza kuacha kauvimbe, hata vijipele vidogo vichache, na homa kidogo inayopita yenyewe. Ila nilisema hivyo bila kwenda kuwaona.

Nilipokwenda hatimaye, vinundu vilikuwa vikubwa, vimesambaa hadi mapajani na kwenye chuchu. Vidari na miguu imejaa maji, ng'ombe wanashindwa kutembea kwenda lambo. Jike mmoja alikuwa ametupa mimba. Mzee hakunigombeza, akanipeleka tu kwenye kibano na kuanza kuwataja ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa majina, kwa mpangilio waliopita siku ile. Waliopita kabla ya yule mtamba, karibu wote wazima. Waliomfuata nyuma, mmoja baada ya mwingine, wagonjwa. Halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, kilichotoka huku kwenda kule ni nini?"

Siwezi kuapa kwamba ni sindano peke yake, kwa sababu nzi walikuwa wengi, na nzi hafuati foleni. Lakini ndiyo hoja yenyewe: nzi angewagawia wote ovyo ovyo, wa mbele na wa nyuma. Ule mpangilio ulikuwa wangu. Virusi hivi vimejaa kwenye ngozi ya mgonjwa na hupita kwenye damu wakati wa homa, na sindano yenye damu inafanya kazi ileile ya mdomo wa nzi, ila inakwenda moja kwa moja. Walikufa wachache, kama ilivyo kawaida ya ugonjwa huu. Hasara kubwa ilikuwa maziwa yaliyokatika msimu mzima, chuchu zilizoziba, na ngozi zilizotoboka ambazo hakuna mnunuzi aliyezitaka.

Kwa hiyo: penye ugonjwa au fununu za ugonjwa, ng'ombe mmoja, sindano moja. Huna za kutosha? Chemsha dakika 20, zipoe, ndipo utumie. Usizifute kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu, kwani chanjo hii ni hai na utaiua mwenyewe. Pima joto kabla ya kuchanja, asubuhi, maana ng'ombe aliyeswagwa juani hupanda joto bila kuumwa. Mwenye zaidi ya 39.5 mweke pembeni. Anza na maboma mazima, yenye wagonjwa yawe ya mwisho wa siku, na ukitoka huko nenda nyumbani. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa na maji yake ikae kwenye barafu na kivulini, na itumike ndani ya saa chache zilizoandikwa kwenye kibandiko. Iliyobaki mwaga, hata roho ikiuma. Na dozi isomwe kwenye chupa iliyo mkononi mwako, kwa sababu watengenezaji wanatofautiana.

Na yule anayezunguka na oksitetra akidunga boma zima "kwa tahadhari" na sindano moja, naye anahusika. Oksitetra ni ya mgonjwa ambaye vidonda vimeingia bakteria. Virusi haviiogopi.

3. Wadudu. Wote mnasema "tumeogesha", na mimi nauliza: kwa dawa gani? Amitrazi ni nzuri kwa kupe, lakini nzi haimhangaishi. Na ingawa kupe wanaweza kubeba virusi hivi, wanaovitawanya haraka ndani ya boma ni wadudu wanaouma na kuruka: nzi wa zizini, vipange, na mbu. Virusi havizaliani ndani ya nzi, vinabaki mdomoni tu. Nzi wa zizini anauma kwa maumivu, ng'ombe anapiga mguu chini, nzi anaruka na kumalizia mlo wake kwa jirani. Ndiyo maana ng'ombe wanaolala wamebanana huambukizana upesi.

Tumieni dawa za jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini au alfasaipamethrini, na rudieni kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko. Ila angalia unapoipaka. Dawa ya kumwaga mgongoni inafanya kazi, lakini nzi wa zizini anauma miguu, kuanzia goti kushuka, na huko ndiko dawa hufika kidogo na mvua na tope huiosha kwanza. Ukiwa na pampu, lowesha miguu na tumbo mpaka ichuruzike. Simama kando ya ng'ombe asubuhi, hesabu nzi kwenye mguu mmoja wa mbele, ndani na nje: wakifika watano, una kazi. Mabaki ya dawa yasiingie lamboni, yanaua samaki.

Dawa lakini inaua wanaoruka tu. Nzi huyu hazaliwi kwenye kinyesi kikavu cha malishoni, anazaliwa kwenye mchanganyiko wa samadi, mkojo na mabaki ya majani yaliyooza yakiwa na unyevu, yaani kile kilichorundikana chini ya hori. Kwenye joto, yai linakuwa nzi ndani ya wiki mbili hadi tatu. Ukikwangua pembe za zizi na chini ya hori kila wiki, ukatandaza samadi nyembamba ikauke juani, unamkata kabla hajaota mbawa. Kuna mama mmoja wa ng'ombe wa maziwa anayefanya hivi na koleo lake kila Jumamosi, na zizi lake lina nzi wachache kuliko lolote la mwenye kopo la dawa.

4. Wakati wa chanjo. Hesabu kinyumenyume. Kinga huanza kujengeka baada ya siku kama 10, na kukamilika inahitaji wiki tatu hivi. Nzi na mbu hulipuka wiki chache baada ya mvua za kwanza. Dodoma, Singida na Tabora mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, kwa hiyo chanja Septemba, na Oktoba iwe mwisho. Kaskazini kwenye vuli na masika, Septemba inafunika zote mbili, kwa kuwa chanjo inarudiwa mara moja kwa mwaka. Anayeagiza chanjo akisikia radi amechelewa. Na lenga angalau ng'ombe 80 kwa kila 100 wa eneo zima. Kumchanja tajiri mmoja na kuwaruka majirani zake ni kujaza fomu.

Ugonjwa ukiwa umeshaingia, bado chanja maboma mazima yanayouzunguka. Mwambie tu mfugaji mapema, kabla hujafungua chupa, kwamba wengine huenda wameshaambukizwa na wataugua ndani ya wiki mbili za mwanzo, wakati mwingine hata baadaye kidogo, kwani virusi vinaweza kujificha mwilini hadi wiki nne. Ukimwambia baada ya hapo, itaonekana unajitetea.

Ndama wanasahaulika kila mwaka. Aliyezaliwa na mama aliyechanjwa au aliyewahi kuugua ana kinga ya maziwa ya mwanzo, ambayo huizuia chanjo isishike, kwa hiyo mngojee afikishe miezi 3 hadi 6. Ndama wa mama asiye na kinga yoyote anachanjwa akiwa na umri wowote. Shida ni kwamba waliozaliwa Julai na Agosti wanakuwa wadogo mno Septemba, na mnarudi kuwaona mwaka unaofuata. Andikeni majina yao kwenye daftari, na mrudi kwa ajili yao tu mwezi Januari.