Rafiki Akikuomba Umsainie Daftari la Mahudhurio

Dada mmoja kaniandikia wiki hii. Rafiki yake wa kazini anachelewa, na karibu kila asubuhi meseji inaingia: "Nisainie, niko njiani." Anaogopa akikataa ataonekana ana roho mbaya. Dada yangu, hili nalijua. Mimi lilinigharimu shoga niliyepanga naye chumba kimoja tangu chuo.

Tulikuwa wote mapokezi, hospitali binafsi hapa Dar. Daftari lilikaa kwa mlinzi: unaandika jina, saa ya kuingia, unasaini. Saa 2:00 kamili afisa utumishi anapiga mstari mwekundu, na anayekuja baadaye anasaini chini yake. Shoga yangu alitokea Mbagala, na kwanza ampeleke mtoto shule, kwa hiyo alifika saa 2:20. Akaanza kuniomba nimsainie.

Kusaini nilikataa, ila kazi yake niliishika. Na wewe weka mpaka wako hapohapo. Wagonjwa wake niliwapokea, lakini kwa akaunti yangu, siyo kwa nywila yake, maana mfumo unaandika nani kaingia na saa ngapi. Msimamizi akiuliza yuko wapi, nilijibu "hajafika". Sikusema "katoka kidogo".

Watu wanadhani saini ni jambo dogo. Daftari hujazwa kwa mpangilio wa kufika, kwa hiyo jina lake litakaa chini ya lako, kwa kalamu ileile, mwandiko uleule. Mtu wa kwanza kuitwa ni wewe. Yeye kachelewa, na kuchelewa mara nyingi huanzia kwenye onyo. Wewe umedanganya, na kanuni za utendaji bora kazini, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinautaja ukosefu mkubwa wa uaminifu kati ya makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Mchelewaji anabaki, aliyemsaidia anaondoka!

Usimwambie asubuhi akiwa kwenye daladala, hapo atasikia kwamba umemtupa. Mimi nilimwambia jioni tukitoka: "Shoga, meza yako nitaishika mpaka ufike, lakini sisaini na sidanganyi. Mtumie msimamizi meseji mwenyewe kabla ya saa 2:00, umwambie uko wapi na utafika saa ngapi." Nikamshauri pia aombe zamu yake ianze saa 2:30 na aongeze nusu saa jioni. Aliomba, akakubaliwa.

Pamoja na hayo, aliwaambia wenzetu kwamba najipendekeza kwa mabosi, na kwenye kitchen pati ya mdogo wake sikualikwa. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini rafiki anayekutaka uweke ajira yako rehani ili yeye asipate onyo, huyo usimwonee aibu. Mwambie leo jioni, kabla hajakutumia meseji ya kesho.