Cheti cha kazi kutoka kwa mwajiri wa zamani

"Niliacha kazi Nairobi miezi miwili iliyopita, kila nikiomba barua naambiwa subiri. Nifanyeje?"

Ndugu, usiombe barua ya sifa. Hiyo mwajiri halazimiki kukupa. Omba cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimisha, mradi ulifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi.

Mimi nilizungushwa vivyo hivyo hadi nilipokiandaa mwenyewe: jina na anwani ya kampuni, jina langu, aina ya kazi na kituo, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Nilikipeleka kwa mkono pamoja na barua ya maombi, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Meneja alibakiwa na kutia sahihi tu.

Wakikunyamazia wiki mbili, nenda na nakala hiyo kwa afisa wa leba. Kukunyima makusudi ni kosa, faini hadi shilingi 100,000.