Mkutubi wangu apigwe au asipigwe?

"Mpelelezi wangu ni mkutubi mstaafu wa kijijini. Sura ya nne anapigwa hadi anazimia, na wasomaji wanasema hapo hadithi inakatika. Tatizo nini?"

Salamu. Kabla ya kugusa kipigo, angalia nani anamlipa mpelelezi wako. Kama hakuna, yupo upande wa Miss Marple wa Agatha Christie: bibi wa kijijini anayewajua majirani, na silaha yake ni umbea. Maiti ipo, damu haielezwi sana, na muuaji akikamatwa kijiji hutulia. Kama analipwa, yupo upande wa Philip Marlowe wa Raymond Chandler: mpelelezi wa kukodiwa, yuko kazini, analipwa kwa siku. Los Angeles yake imeoza hadi polisi, na anapigwa kwa sababu ukweli una wenyewe. Kesi ikiisha, mji unabaki vilevile. Mkutubi wako ni wa upande wa Marple, kipigo chako ni cha upande wa Marlowe; ndipo hadithi inapokatika.

Mimi nilikwama hapohapo. Nikaondoa ngumi, nikamfanya mhusika akute daftari lake limechanwa ukurasa mmoja tu, mlango ukiwa umefungwa. Hofu ilibaki, tena ikawa dokezo. Ukiking'ang'ania kipigo, basi maumivu yaendelee sura ya tano: mtu aliyezimia jana hawezi kuamka akicheka na jirani. Na utani wa sura ya kwanza itabidi uwe mchungu zaidi.