Serikali 272, M23 wanane: kusoma habari ya Kishishe ukiwa huna mtu Kishishe

"Wakuu, nipo redio ndogo huku Kigoma, nasoma habari za jioni. Jeshi la Kongo likitoa tamko, waasi wa M23 nao wanatoa la kwao, na sisi hatuna mtu kule. Mhariri anasema tia pande zote mbili, kazi imeisha. Mimi roho haitulii. Wenye uzoefu mnafanyaje?"

Mkuu, roho yako ina haki ya kutotulia. Nilikaa zamu ya Kongo miaka kadhaa kwenye chumba cha habari (jina la redio tuliache), na somo hili nililipata kwa aibu, kupitia Kishishe.

Kishishe ni kijiji cha eneo la Rutshuru, Kivu Kaskazini. Novemba 29, 2022 M23 walipigana huko na makundi ya wapiganaji wa msituni, na kijiji kikabaki mikononi mwao. Desemba 1 jeshi likasema M23 wameua raia 50. M23 wakakanusha. Baadaye wakatoa tamko lao: raia wanane wamekufa, kwa risasi zilizopotea njia. Desemba 5 Julien Paluku, waziri wa viwanda na gavana wa zamani wa Kivu Kaskazini, akasimama mbele ya waandishi mjini Kinshasa na idadi ya muda ya raia wapatao 272.

Usiku ule nilikuwa zamu. Nikafungua taarifa kwa kusoma: "Idadi ya waliouawa Kishishe yafikia 272." Chini nikaweka kwamba M23 wamekanusha. Pande zote mbili zimo, si ndiyo?

Kesho yake asubuhi akapiga simu msikilizaji mmoja, mzee aliyekimbia Rutshuru zamani. Hakufoka. Aliuliza tu: "Mwanangu, mliwahesabu nyinyi?"

Tatizo lilikuwa neno moja, "yafikia". Neno hilo linamnyang'anya waziri hesabu yake na kuifanya ya redio. Pia linadokeza kwamba walikuwa 50, wakaongezeka hadi 272, kana kwamba kuna mtu kijijini anayeendelea kuhesabu. Hakukuwa naye. Zilikuwa kauli mbili tofauti, za siku mbili tofauti, kutoka upande mmoja. Na kukanusha kwa M23 niliko­kuweka mkiani hakukurekebisha kitu, maana aliyewasha redio kwa sekunde kumi aliondoka na 272 yake.

Tangu hapo huanza na swali ambalo mhariri wako halijamjia: je, kuna jambo ambalo pande zote mbili zimelikubali? Watu huhangaikia wanapobishana, wanapita pale wanapokubaliana. Kwenye Kishishe, ukiyaweka matamko mawili kando kwa kando, utaona wote wanasema palipiganwa siku ile na raia walikufa. M23 kukubali hata wanane ni kukubali jambo lisilowafaa, na kauli ya namna hiyo ina uzito kuliko zile za kujisifu. Hiyo ndiyo habari unayoweza kuisimamia mwenyewe. Ningekuwa na usiku ule tena ningesoma hivi:

"Raia waliuawa katika mapigano ya Novemba 29 kijijini Kishishe, mashariki mwa Kongo. Serikali na waasi wa M23 wote wanakubali hilo, lakini wanapingana kuhusu idadi na namna walivyokufa. Serikali inasema raia wapatao 272 waliuawa na M23. M23 wanasema ni wanane, waliopigwa na risasi zilizopotea. Kijiji kinashikiliwa na M23, na sisi hatujaweza kufika wala kuhesabu."

Tazama ile sentensi ya mwisho. Usiseme tu "habari hizi hazijathibitishwa", maneno ambayo msikilizaji ameyazoea kama tangazo la sabuni. Mwambie ni kwa nini hazijathibitishwa na nani ameshika mlango. Anayeshikilia kijiji ndiye mwenye maiti na makaburi, kwa hiyo huo ni ukweli mwingine wa kumpa msikilizaji, wala si kupendelea.

Halafu angalia vitenzi vyako. Kiswahili chetu kina mitego. Ukisema jeshi "limesema" na M23 "wamedai", tayari umewaita M23 waongo, maana "kudai" kwetu kunanusa shaka. Wape wote "kusema". "Inadaiwa" nayo ni mbaya zaidi kwa sababu inamficha msemaji kabisa. Anayedai ni nani, upepo? Na usimezwe na maneno ya matamko. M23 wakiingia mji husema "wameukomboa", na Kinshasa huwaita wao "magaidi". Wewe sema wameingia, wameuteka, wameondoka.

Sasa mashahidi wa simu, maana najua utajaribu. Nilimpata mtu aliyekuwa amekimbia kutoka upande ule. Akaniambia waliokufa wamezidi 270. Nikafurahi, nikidhani nimepata uthibitisho. Kisha nikamuuliza aliona wangapi kwa macho yake. Wanne, majirani zake, na akaeleza walikutwa wapi na wamevaa nini. Ile 270 aliipata wapi? Redioni. Yaani tulitangaza sisi, ikaenda hadi kwake, ikataka kurudi kwetu ikiwa imevaa nguo ya shahidi. Wanne wake walikuwa habari, 270 yake haikuwa. Muulize mtu alikuwa wapi, aliona nini, nani alizika, kisha funga mdomo umsikilize. Na hewani usitaje mtaa wala kazi yake, kijiji ni kidogo.

Wiki ile ile Umoja wa Mataifa ulitoa uchunguzi wa awali: angalau watu 131 waliuawa Kishishe na kijiji jirani cha Bambo tarehe 29 na 30 Novemba, kwa risasi na visu. Hata wao hawakufika Kishishe. Waliwahoji wahanga na mashahidi 52 huko Rwindi, kilomita kama 20 kutoka hapo, na wakalisema hilo wazi. Hiyo ndiyo tofauti na matamko mawili ya mwanzo: unajua hesabu imetoka wapi, unaweza kuipima. Februari 2023 Umoja wa Mataifa ukaja na hesabu nyingine, angalau 171. Wenzangu wakataka kuandika "yaongezeka". Hapana, hesabu hii ilianzia Novemba 21, kapu ni kubwa zaidi. Mwezi huo huo shirika la haki za binadamu la Amnesty International likataja angalau wanaume 20 waliouawa Kishishe. Msikilizaji atakuuliza nani mwongo kati yao. Si lazima awepo. "Angalau" ni sakafu: kila mmoja anasema hawapungui hapa, kwa njia yake ya kuhesabu na kwa eneo lake. Ukiidondosha "angalau" ili kichwa cha habari kiwe kifupi, umegeuza sakafu kuwa jumla, na hapo ndipo wanapoanza kugongana.

Nilimwona mwenzangu mmoja akijaribu kuchukua wanane na 272 akatafuta katikati, "zaidi ya mia moja", akidhani ni busara. Ukweli kwamba uchunguzi ulikuja karibu na hapo ulimpa kiburi kibaya. Namba ile haikusemwa na mtu yeyote isipokuwa yeye.

Mimi nina daftari. Kila kauli naandika: nani, saa ngapi, anahesabu nani (raia au na wapiganaji), wapi, tarehe zipi, yeye aliona au aliambiwa. Uchunguzi ukitoka narudi kusoma hewani tulichotangaza mwanzo, kilikuwa cha nani, na sasa kuna nini. Ile "yafikia" yangu sikuirudia hewani. Nilimpigia mzee wa Rutshuru kumweleza, simu haikupatikana.