Jina la mama kwenye mistari

"Mama anaitwa Furaha. Nimeandika shairi kwa herufi za jina lake, lakini linasomeka kama orodha ya sifa. Nifanyeje?"

Ndugu, kosa liko kwenye U na A. U inakuvuta uandike "unapika", A "anapika", na mama anageuka wewe na yeye katika shairi moja. Shika "wewe", kisha A zipe nomino. Anza na R, ndiyo ngumu. Chagua tendo moja, tuseme mama anabeba sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, akipanda mtaa wa Kadutu mjini Bukavu; sentensi zivuke mistari:

Fajiri, beseni la sambaza kichwani,
Unapanda Kadutu bila kuyumba;
Redio za majirani bado zimelala,
Asubuhi yote ni yako na mbwa.
Harufu ya ziwa hutangulia mlangoni,
Alama kwamba umerudi.

Msomee mtu bila kumwonyesha karatasi. Akihisi neno limelazimishwa, badilisha mstari huo.