Njaa Inayokuja Baada ya Tukio: Kortisoli, Msongo na Tamaa ya Vyakula vya Mafuta na Sukari

Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za mizigo hapa Kigoma, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo huvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie au Bujumbura. Kosa la tarakimu moja kwenye waraka linaweza kuizuia shehena nzima bandarini, na mwenye mzigo hawezi kukuelewa hata ukimweleza vipi. Siku moja ya Machi, saa tatu na nusu asubuhi, niligundua kwamba uzito wa saruji nilioujaza haukulingana na uzito uliopimwa. Tangu wakati huo hadi saa tisa alasiri nilikuwa kwenye simu na kwenye foleni za maofisi, na katika muda huo wote sikuhisi njaa hata kidogo. Wali na mgebuka niliokuwa nimeagiza ulipoa mezani hadi mafuta yakaganda pembeni mwa sahani.

Njaa ilikuja jambo lilipokwisha kurekebishwa. Saa kumi na moja jioni, nikiwa napita sokoni Mwanga, nilisimama kwenye beseni la mama ninayenunua kwake maandazi, nikala manne nikiwa nimesimama, karatasi ikiwa imelowa mafuta mkononi, kisha nikateremshia na soda. Mama yule aliniangalia akasema, "Mwanangu, kaa basi kwenye benchi, maandazi hayakimbii." Wali wangu ulikuwa bado kwenye kontena ndani ya mkoba, na sikuutaka.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba jioni kama hizo zinaonyesha nilivyokosa nidhamu. Leo naamini kwamba swali lenye manufaa ni jingine: kwa nini njaa haikuwapo wakati wa tukio, ikaja baada yake, na kwa nini ilichagua andazi na soda badala ya wali na samaki niliokuwa nao mkobani?

Jibu limo katika mpangilio wa homoni. Ubongo unapotambua tishio, sehemu yake inayoitwa haipothalamasi hutoa homoni ya kuamsha mfumo wa msongo, na wakati huohuo adrenalini humwagika katika damu. Zote mbili hufifisha hamu ya kula. Kwa hiyo mtu aliye katikati ya purukushani husema chakula hakipiti, na husema kweli. Homoni ile ya haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari huziagiza tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe kortisoli. Safari hiyo huchukua muda. Kortisoli hufikia kilele chake kiasi cha dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza, na tukio likiisha haiondoki papo hapo, kwani mwili huhitaji takriban saa moja hadi saa moja na nusu kuondoa nusu yake katika damu. Adrenalini, kwa upande wake, hutoweka ndani ya dakika chache. Hapo ndipo unapofunguka mlango ambao wengi wetu hatuujui: ile iliyokuwa ikizuia njaa imeshaondoka, na kortisoli, ambayo huchochea njaa, ingali imejaa. Mlangoni hapo ndipo nilipokuwa nimesimama pale sokoni.

Kazi ya kortisoli katika saa hizo ni kurudisha akiba ambayo mwili unadhani umeitumia. Hulisukuma ini litengeneze sukari na kuiachia katika damu, kana kwamba ulikuwa umekimbia au umepigana, ilhali ulikuwa umeketi na simu sikioni. Sukari hiyo inapopanda, kongosho hutoa insulini zaidi, na kortisoli na insulini zikiwa juu pamoja, mafuta huelekea kuhifadhiwa tumboni, kuzunguka viungo vya ndani, kwa sababu tishu za mafuta za sehemu hiyo zina vipokezi vingi vya kortisoli. Ndiyo maana mtu mwenye msongo wa miezi mingi anaweza kuona kitenge kinabana kiunoni huku mikono na miguu yake haijanenepa sana.

Kuhusu uchaguzi wa chakula, kortisoli hufanya jambo la pili, nalo ndilo lililonishangaza zaidi. Huziongezea nguvu njia za ubongo zinazotumia dopamini, zile zinazotufanya tukitamani kitu kabla hatujakigusa. Chakula chenye mafuta na sukari kwa pamoja, kama andazi, kitumbua au visheti, huamsha njia hizo kuliko ugali wa muhogo na dagaa. Mwaka 2001, watafiti wa California, wakiongozwa na Elissa Epel, walichapisha utafiti wa wanawake 59 waliofanyishwa kazi za kuwatia msongo maabara, kisha wakawekewa vitafunwa. Wale ambao kortisoli yao ilipanda sana walikula zaidi siku hiyo kuliko wale ambao yao ilipanda kidogo. Siku ya mapumziko, makundi hayo mawili yalikula kiasi kinachokaribiana. Msongo kwao ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni jinsi miili yao ilivyoujibu. Ndivyo ilivyo ofisini kwetu pia, ambapo mwenzangu akipata misukosuko hupoteza hamu ya kula hadi kesho yake, na mimi nakula maandazi manne. Sioni haki ya kumsifu yeye na kunilaumu mimi.

Kuna jambo moja ambalo ushauri mwingi hulikwepa, nami naona kulikwepa si uungwana: chakula hicho hutuliza kweli. Mary Dallman na wenzake, pia wa California, walieleza mwaka 2003, kutokana na kazi yao ya panya, kwamba panya wenye msongo waliopewa mafuta na sukari walipunguza mwitikio wa homoni zao za msongo. Ukimwambia mtu kwamba andazi halimsaidii, unamwambia kitu ambacho mwili wake unajua si kweli, naye hatakusikiliza. Tatizo ni kwamba utulivu huo ni wa muda mfupi, nao hukaririwa. Ubongo unaandika kwamba simu za wateja zikiisha, beseni la Mwanga ndilo dawa, na baada ya wiki chache harufu ya mafuta ya moto peke yake inatosha kukugeuza njia.

Niliandika daftari kwa wiki tatu ili nione mwendo wangu mwenyewe, na nakushauri uandike mambo matatu tu: saa ya tukio, saa ya mlo wa mwisho kabla yake, na saa ambayo tamaa ilianza. Usiandike kilo wala uzito wa chakula. Daftari langu lilionyesha jambo nisilolitarajia. Siku nilizokula mchana, hata kwa kujilazimisha, tamaa ya jioni ilikuja lakini ilinisubiri nifike nyumbani. Siku nilizoruka mlo, ilinikamata njiani. Kuruka mlo ni msongo wa pili juu ya ule wa kwanza, kwa sababu sukari ya damu inapoelekea kushuka, kortisoli ni mojawapo ya homoni zinazoitwa kuipandisha. Tangu hapo, saa saba mchana nala hata kama mzigo umekwama. Simalizi sahani. Nala vijiko kadhaa vya maharage au kipande cha samaki na ugali kidogo, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu, na wakati huo simu nimeigeuza kifudifudi mezani.

Badiliko la pili ni la ile saa moja baada ya tukio kuisha. Sijikatazi kitu, ila nasogeza uamuzi mbele kwa dakika 30, natembea kutoka bandarini kupanda mjini badala ya kuchukua bodaboda, halafu nikifika sokoni najiuliza kama naweza kula ndizi ya kuchemsha au samaki. Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni njaa ya tumbo na nakwenda kula chakula. Jibu likiwa hapana, ila andazi naliweza, hiyo ni kortisoli pamoja na mazoea. Siku nyingine nanunua andazi moja, nakaa kwenye benchi nililoonyeshwa na mama yule, nalila polepole. Manne ya kusimama sijayarudia tangu Juni.

Kilichonigharimu zaidi ni usingizi. Kwa kawaida kortisoli huwa juu asubuhi, hasa kiasi cha nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi kiwango cha chini kabisa karibu na usiku wa manane. Anayelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku kadhaa, hubaki na kortisoli ya jioni iliyo juu kuliko inavyopaswa. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2004, vijana 12 waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku mbili walipata ongezeko la asilimia 28 la grelini, homoni ya njaa, na upungufu wa asilimia 18 wa leptini, homoni ya shibe, na hamu yao iliongezeka zaidi kwa vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mimi nilikuwa nalala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, kisha nashangaa kwa nini chai ya saa nne asubuhi inataka vijiko vinne vya sukari.

Sikushauri ukimbilie maabara kupima kortisoli kwa sababu tu unapenda maandazi. Kipimo kimoja cha damu hubadilika sana kulingana na saa kilipochukuliwa, na hofu ya sindano yenyewe inaweza kukipandisha. Wala usinunue vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kushusha kortisoli. Hali zinazostahili daktari ni nyingine: uso unaoviringika kwa miezi michache, michubuko inayotokea bila kugongwa, michirizi mipana ya zambarau tumboni, na miguu inayoshindwa kukuinua unapochuchumaa, hasa kama shinikizo la damu na sukari vimepanda kwa pamoja.

Kabla hujaenda, angalia pia unachomeza na unachopaka. Prednisoloni na deksamethasoni, wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa pumu na maradhi mengine, hufanya kazi kama kortisoli na huleta njaa kali, na mkorogo wa kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na dawa za jamii hiyohiyo zinazopenya hadi kwenye damu zikipakwa mwilini kwa miezi mingi. Ukigundua kwamba hiyo ndiyo njaa yako, mweleze daktari wazi, na usiache ghafla dawa uliyotumia kwa wiki nyingi, kwa maana tezi za adrenali zikishazoea kulala huchukua muda kuamka, na mwili usio na kortisoli kabisa unaweza kuzimia na hata kupoteza maisha.