Maandishi yanakatika, batani zinapandana

"Nimekuza maandishi kwenye simu, sasa kwenye app batani ya kutuma inafunikwa na maneno, nifanyeje?"

Pole ndugu, hapo kuna vitu viwili watu huvichanganya. Font size inakuza herufi tu, ila Display size inakuza kila kitu, batani, picha, nafasi, yaani kioo kinakuwa kama kimepungua na app inakosa pa kupanga vitu vyake. Ingia Settings, Display, rudisha Display size ilivyokuwa mwanzo kwanza, Font size iache ilivyo, halafu funga app kabisa uifungue upya. Batani ikitokea nzima basi tatizo lilikuwa hilo, ila ikibaki neno "Tuma" linasomeka "Tu" tu, punguza Font size hatua moja moja, maana app hiyo imepangiwa boksi lisilotanuka.